Saa Nane za Mama Mkwe

Kazini walimwita Trei. Alikuwa mhudumu wa ndege, mrefu hata ikabidi ainamishe kichwa kwenye mlango wa jiko la ndege, na kwa miaka kumi na moja alikuwa amebeba trei nyingi kuliko hatua alizopiga ardhini. Kuna mambo machache aliyoyajua kwa uhakika hapa duniani, na mojawapo ni jinsi ya kuishi na saa zinazobadilika. Aliweza kula kifungua kinywa mji mmoja na chakula cha jioni mji mwingine, na kesho yake akaamka kama hakuna kilichotokea.

Kitu asichokijua ni jinsi ya kumwambia mama mkwe wake akalale.

Mama mkwe alikuwa anakuja kumlea mjukuu. Mtoto alikuwa na miezi mitano, mnene wa mashavu, na nyumba nzima ilimwita Bonge. Mama yake, mtaalamu wa maabara, likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha. Jumatatu ya wiki iliyofuata angerudi kwenye darubini zake. Siku hiyohiyo Trei naye angerudi angani. Kwa hiyo bibi alikata tiketi, akavuka nusu ya dunia kuelekea mashariki, na akatua Jumatatu asubuhi na mapema, akiwa na siku saba kamili za kuzoea. Kati ya kwake na kwao kulikuwa na tofauti ya saa nane.

Wiki mbili kabla ya safari Trei alijaribu kusema neno. Alimwomba mkewe amwambie Mama aanze kuwahi kulala kwa saa moja, siku tatu nne kabla ya kuondoka, na ndani ya ndege anywe maji mara kwa mara. Jibu lilirudi kwenye simu likiwa limeambatana na kicheko.

"Mwambie baba Bonge mimi nimewalaza wasichana mia tatu kwa miaka ishirini na sita. Usingizi ninaujua."

Ni kweli. Mama mkwe alikuwa metroni wa bweni la shule ya wasichana kabla hajastaafu. Alitembea kama mtu anayekagua vitanda, na alikuwa na sauti inayoweza kuzima taa bila kugusa swichi. Trei aliliacha jambo hilo. Mkwe ni mkwe.

Walipompokea uwanja wa ndege, Mama alikuwa na macho mekundu, midomo imekauka na vifundo vya miguu vimevimba mpaka viatu vinalalamika. Kichwa kilikuwa kinamgonga.

"Ulikunywa maji, Mama?" binti aliuliza garini.

"Maji ya nini? Nimekaa dirishani, pembeni yangu wamelala wanaume wawili wakubwa kama makabati. Ningekunywa maji ningepita wapi kwenda msalani? Nimejikaza safari nzima."

Trei alitazama usukani asicheke, na asiseme.

Nyumbani, simu ya Mama iliita kabla hajafungua begi. Alikuwa dada yake mdogo, mama mdogo wa mkewe Trei, mtu mwenye ushauri kwa kila jambo. "Dada, ukifika tu kaa kwenye jua la asubuhi! Jua la asubuhi linarudisha mwili." Mama alichukua kiti, akakaa barazani akaliangalia jua linavyopanda, kuanzia saa moja mpaka saa tatu, uso ameuinua kama alizeti. Halafu akasema atajinyoosha kidogo tu. Alijinyoosha saa tatu na nusu asubuhi, akaamka saa kumi jioni.

Usiku ule nyumba ilijua kuna metroni ndani. Saa saba alipanga upya kabati la vyombo. Saa nane tumbo lake, lililokuwa linangoja chakula cha jioni cha kwake, lilimtuma jikoni. Akapasha kiporo cha wali na maharage, akala sahani mbili, akashushia na kikombe cha kahawa. Saa kumi Trei alimkuta sebuleni akikunja nepi ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona hulali, mwanangu? Kazi yako inakuharibu."

Jumanne ikawa vilevile: jua la alfajiri barazani, kulala mchana kutwa, kahawa, kiporo. Trei alikuwa anaona kila kosa kama mtu anayemwona mwenzake akifungua mlango wa chini ya ngazi akidhani ni wa msalani. Mkewe alikuwa anamkanyaga mguu chini ya meza: sema wewe, ndiyo kazi yako. Naye anamrudishia kwa macho: ni mama yako.

Njia pekee aliyoiona ni kumpitia Bonge. Alimpakata mtoto karibu na Mama, akamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Bonge wangu, hivi unajua kwamba kahawa ya jioni inafukuza usingizi?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sufu aliyokuwa anafuma. "Bonge, mwambie baba yako bibi amekunywa kahawa tangu yeye hajazaliwa."

Bonge alitoa povu la mate. Mazungumzo yakaisha.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Jumatano, saa tatu asubuhi, na kilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mkewe Trei alikuwa anaoga. Trei alikuwa jikoni anaosha chupa za maziwa. Mama alikuwa sebuleni kwenye kiti cha mkono, amempakata Bonge, anamwimbia. Wimbo ulikuwa unakwenda vizuri, halafu ukapungua kasi kama redio inayoishiwa betri, halafu ukakata. Trei alidhani mtoto amelala. Alichungulia tu, mikono ina povu.

Mama ndiye aliyelala. Kichwa kimeangukia kifuani, mikono imelegea pembeni, na Bonge, yu macho kabisa na amefurahi, alikuwa anateleza taratibu juu ya gauni la bibi yake kuelekea kwenye vigae vya sakafu.

Miguu mirefu ya Trei ilifanya kazi iliyoumbiwa. Alivuka sebule kwa hatua tatu, akapiga magoti, akamdaka mtoto kwa mikono yenye sabuni, sentimita chache kutoka chini. Bonge akacheka. Kwake ulikuwa mchezo mzuri.

Mama akazinduka. Aliona mikono yake mitupu, akamwona mkwe wake amepiga magoti mbele yake, povu mpaka viwikoni, mtoto kifuani. Hakuhitaji kuelezwa. Uso wake, ule uso wa kukagua vitanda, ulimbadilika mpaka Trei akatamani sakafu immeze.

"Amegusa chini?"

"Hapana, Mama. Hajagusa."

"Niambie kweli."

"Kweli kabisa. Mwangalie, anacheka."

Mkewe Trei alitokea bafuni na taulo kichwani, akauliza kuna nini. Kisha Mama mwenyewe akasema, "Nimelala na mtoto mikononi. Kama si mumeo angeanguka." Alisema kavu, bila kujitetea, namna ambayo huenda aliwafundisha wasichana wake kukiri. Halafu akainuka. "Jumatatu sitaweza. Nikatieni tiketi ya kurudi. Mtafute msichana wa kazi."

Hapo Trei alihisi aibu kuliko Mama. Mambo yote aliyoyajua tangu juzi alikuwa ameyaficha kinywani kwa ajili ya adabu, na adabu hiyo ilikuwa karibu imwangushe mwanawe.

"Mama," alisema, bila kumpitia Bonge. "Kosa ni langu. Nilikuona unakosea nikaogopa kusema. Keti tafadhali. Nipe dakika kumi, kisha uamue."

Akafuta mikono, akachukua bahasha ya zamani na kalamu.

"Nyumbani unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Kila siku. Hata sikukuu."

"Basi mwili wako una saa yake ndani, na bado inasoma za kule. Hapa sasa ni saa tatu asubuhi. Kule ni saa ngapi?"

Mama alihesabu kwa vidole. "Saa saba usiku."

"Ndiyo maana umelala. Hukuzembea. Hata mimi, ukiniamsha saa saba usiku ukanipa kiti laini na wimbo, nitalala." Mama hakutabasamu, lakini alisogeza kiti karibu. "Sasa sikiliza. Kila usiku kuna saa ambayo mwili unapoa kuliko zote. Huwa ni saa mbili au tatu kabla ya muda wako wa kuamka. Kwako ni kama saa nane au tisa usiku, na kwa hapa ni saa nne au tano asubuhi. Mwanga mkali ukiingia machoni kabla ya saa hiyo, mwili unasema, kumbe siku bado haijaisha, na unauchelewesha usingizi. Ukiingia baada ya hapo, mwili unasema, kumekucha, na unauwahisha. Wewe unahitaji kuuwahisha."

"Na mimi nimekuwa nakaa kwenye jua tangu saa moja."

"Siku mbili, Mama. Ulikuwa unauchelewesha. Badala ya kuja huku, mwili ulikuwa unazidi kwenda upande wa pili."

Mama aligonga bahasha kwa kidole. "Yule mdogo wangu," alisema, "ushauri wake siku moja utaniua."

"Hajakosea kabisa. Kwa aliyekwisha kuzoea, jua la asubuhi ni zuri. Kwa wewe wa leo, asubuhi ya hapa ni usiku wa manane. Na kwa sababu umeusukuma mwili nyuma siku mbili, leo nadhani usitoke juani mpaka saa sita mchana. Kesho saa tano. Keshokutwa saa nne. Saa moja kila siku, mwili hauendi haraka kuliko hapo."

Mkewe Trei, taulo bado kichwani, alimtazama mumewe kama anamwona mara ya kwanza. "Na ulikuwa unamwambia mtoto haya?"

"Nyamaza wewe," alisema Mama. "Mwache amalize. Chakula je?"

Trei alijua amempata. Metroni aliyeuliza ratiba ya chakula hawezi tena kukata tiketi.

Alimweleza yaliyobaki. Kula kwa saa za hapa, hata kama tumbo linagoma: kifungua kinywa asubuhi, chakula kizito mchana, chakula chepesi jioni. Tumbo nalo lina saa yake, na kiporo cha usiku wa manane kinaliambia ni mchana. Kahawa iwe ya asubuhi tu, maana nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Maji kwa kiasi, kutwa nzima, lakini ayapunguze jioni asije akaamshwa na kibofu. "Maji hayageuzi saa," alisema, "lakini kile kichwa ulichokuja nacho juzi kilikuwa kiu. Hewa ya ndegeni ni kavu. Mtu aliyekaukiwa huona kila uchovu mara mbili." Na kama usingizi ukimzidi mchana, alale dakika ishirini, kwa kengele, na isiwe baada ya saa tisa alasiri.

"Nani atapiga kengele?"

"Simu itapiga."

"Simu si kengele," alisema Mama. Akachukua kalamu mkononi mwa mkwe wake, akageuza bahasha upande safi, akaanza kupiga mistari kwa kutumia ukingo wa sahani.

Nyumba ilipata ratiba. Ilibandikwa kwenye friji kwa utepe wa gundi, kwa mwandiko ulionyooka, na juu yake Mama akaandika amri ya kwanza bila kuulizwa na mtu: *Bibi akisinzia, mtoto kitandani mwake. Bibi hampakati mtoto kitini kabla ya saa sita.* Aliipigia mstari mara mbili. Asubuhi alicheza na Bonge sakafuni kwenye mkeka, ambapo hata angelala mtoto asingepata pa kuanguka, na mmoja wa wazazi alikuwepo chumbani kila wakati.

Jumatano ile asubuhi mapazia yalifungwa, na Mama alivaa miwani ya jua ya Trei, ile kubwa ya marubani, ndani ya nyumba. Mtu wa kusoma mita ya maji alipobisha hodi, alifunguliwa mlango na bibi mwenye kitenge na miwani myeusi, akasahau alichokuja kufanya. Saa sita kamili Mama alivua miwani, akamfunga Bonge kwenye kigari, akatoka. Trei alimsindikiza. Walizunguka mtaa, wakapita duka la dawa, wakapita kwa fundi baiskeli, wakakaa kwenye benchi la bustani ya manispaa mpaka saa tisa. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukaa pamoja bila mtu wa katikati, na mwanzoni kila mmoja alimtazama Bonge. Lakini muda wa saa tatu ni mrefu. Mama akaanza kuuliza abiria wakorofi huwa wanafanywa nini. Trei akauliza wasichana walikuwa wanaficha wapi simu. Kufikia saa nane walikuwa wanacheka mpaka njiwa wakahama.

Usiku ule Mama hakulala vizuri. Trei alikuwa amemwonya: akiamka, asiwashe taa kubwa, asiguse simu, asile. Akae gizani apumzike tu. Dada yake alipopiga saa sita usiku, kwa sababu kule ilikuwa saa kumi jioni, simu ilikuwa imezimwa, na asubuhi yake familia nzima ya upande wa pili ilikuwa inauliza kama kuna msiba.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Mama alikuwa na hasira za mtu aliyenyimwa usingizi mara mbili: usiku haukuja, na mchana kanyang'anywa. Saa nane mchana alilala kwenye kochi. Dakika ishirini zilipita, simu ikalia, hakusikia. Trei alisimama juu yake akihangaika. Mkewe alikuwa dukani. Kumgusa bega mama mkwe? Kumpigia kelele? Alisimama pale kama mlingoti. Mwishowe alikwenda jikoni, akachukua sufuria na mwiko, akarudi, akafumba macho, akagonga mara tatu.

Mama alikurupuka wima. "Vitanda vyote vitandikwe!"

Wakatazamana. Trei ana mwiko hewani.

"Samahani, Mama."

"Usiombe samahani," alisema Mama, akirekebisha kilemba. "Hiyo ndiyo kengele. Ungesubiri nini?"

Ijumaa alilala saa nne usiku na kuamka saa nane, kisha akalala tena mpaka saa kumi na mbili. Jumamosi kifungua kinywa kilimshuka bila kumlazimisha. Jumapili alitoka kwenye mwanga saa mbili asubuhi, bila miwani, na akamrudishia Trei miwani yake akisema ilikuwa inamfanya afanane na mtu anayedaiwa. Vifundo vyake vilikuwa vimerudi vya kawaida. Chupa ya maji alitembea nayo kama pochi.

Jumapili hiyo jioni, wakila supu nyepesi, mkewe Trei alisema, "Basi kesho naondoka saa moja na nusu. Mama uko tayari, umepona kabisa."

Trei alifungua kinywa kusema jambo, akasita. Mama ndiye aliyeweka kijiko chini.

"Sijapona kabisa," alisema. "Bado saa tatu au nne hazijafika. Asubuhi nikiamka kichwa kizito mpaka saa tatu hivi. Mkuu wako wa kazi ana roho nzuri?"

"Ana roho ya kawaida."

"Mpigie. Mwambie wiki hii uingie saa tano asubuhi, ufidie jioni. Mpaka Alhamisi nitakuwa sawasawa. Sitamhatarisha mjukuu wangu kwa kuona haya."

Mkewe alipiga simu. Mkuu wa maabara alinung'unika kidogo, akasema yeye mwenyewe mwaka jana alirudi kutoka mkutano wa mbali akaweka lebo ya mgonjwa mmoja kwenye chupa ya mwingine, bahati nzuri ikagundulika. Basi aje saa tano.

Jumatatu Trei aliondoka kwanza, sare imepigwa pasi, begi la magurudumu nyuma yake. Mama alimsindikiza mpaka barazani, Bonge begani. Ilikuwa saa mbili kasoro, jua limeshika ukuta wa nyumba ya jirani.

"Unaenda wapi safari hii?" aliuliza.

"Magharibi. Saa sita nyuma. Narudi Alhamisi."

"Magharibi ni rahisi zaidi, si ndiyo? Unachelewa kulala tu."

"Nani amekwambia?"

"Nimefikiri mwenyewe. Wasichana wote mia tatu walikuwa wepesi kuchelewa kulala. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwepesi kuwahi."

Trei alicheka, akainama kumbusu mwanawe, na kwa kuwa Bonge alikuwa begani kwa bibi, ikabidi ainame chini sana. Mama alimpiga kofi dogo la shavu, kama anavyofanyiwa mtoto wa kuzaa.

"Nenda, utachelewa. Na usinipigie simu mchana. Saa saba nitakuwa nimelala dakika ishirini, mtoto kitandani kwake, na mama yake nimemwandikia saa za kunipigia."

Saa tano mkewe Trei alikwenda kazini. Saa kumi na mbili jioni aliporudi alikuta nyumba imetulia, supu iko jikoni, Bonge ameoga, na Mama amekaa mezani, macho maangavu, anamsimulia dada yake kwenye simu habari za mwanga na saa, kwa kirefu, bila kumpa nafasi ya kutia neno.